Samahani Mwenyekiti, sikufika mkutanoni: naomba kupatiwa maazimio

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, geti linagongwa. Nje wamesimama wawili: mjumbe wa eneo, na kijana wa ulinzi shirikishi mwenye kaunta buku kwapani. Anayefungua ni mpangaji, muuguzi, ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku. Mjumbe anamsalimia vizuri, anauliza habari za watoto, kisha anafungua daftari. Mtaro, shilingi 10,000 kila kaya. Ulinzi, shilingi 3,000 kwa mwezi, kuanzia mwezi huu.

"Mimi mkutanoni sikuwepo," anasema muuguzi.

"Tunajua, dada. Uliomba udhuru, Mwenyekiti alitutajia."

Mazungumzo yakakwama hapo.

Ni kweli aliomba. Siku moja baada ya mkutano alimwandikia Mwenyekiti wa Mtaa: "Shikamoo Mwenyekiti. Samahani sana, jana sikuweza kufika mkutanoni, nilipata dharura. Poleni na majukumu." Mwenyekiti akajibu: "Marahaba, usijali dada." Yakaishia hapo. Wiki mbili baadaye analetewa deni getini, na hajui limetoka wapi, limepitishwa na nani, wala kama hesabu yenyewe ndiyo hiyo.

Kisa hiki kimenikaa kichwani kwa majuma sasa, kwa sababu nikikipitia simwoni mkosaji. Dada alikuwa na adabu. Mwenyekiti alimjibu. Mjumbe alifanya kazi aliyotumwa. Hata hivyo pale getini sauti zilipanda.

## Ujumbe ulikuwa na adabu, ila haukuomba kitu

Tukikosa harusi tunaomba radhi na mambo yanaisha, kwa sababu harusi haitudai kitu kesho yake. Mkutano wa mtaa unadai. Mjumbe halali wa mkutano huo ni kila mkazi wa mtaa aliyefikisha umri wa miaka 18, awe mwenye nyumba au mpangaji, awe wa juzi au mzawa wa hapo. Kinachoazimiwa pale kinamhusu aliyekuwepo na asiyekuwepo kwa uzito uleule. Aliyekosa mkutano hajatoka kwenye mkutano. Amekosa tu kusikia.

Ndiyo maana ombi la radhi linaloishia kwenye "samahani" linaacha kazi katikati. Mwenyekiti akilisoma hana la kufanya zaidi ya kusema "usijali". Hujamwambia kwamba unataka kujua kilichoamuliwa, hujamwambia utakifuata wapi, hujamwambia lini. Naye ana watu wengi wa kuwajibu, hawezi kukisia.

Tena kuna jambo baya zaidi ambalo watu hawalioni. Ukishaomba udhuru, mtaa unachukulia kwamba unajua mkutano ulikuwepo. Kwa hiyo utetezi wa "sikupata taarifa" umeshaufunga mwenyewe, na utetezi wa "sikujua kilichoamuliwa" unasikika kama wa mtu asiyejali. Muuguzi wetu alisimama katikati ya hayo mawili.

## Kabla ya kuomba radhi, uliza kama mkutano ulifanyika

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu.

Mikutano ya mtaa huahirishwa. Mvua inanyesha, kuna msiba mkubwa mtaani, au watu wanakuja wachache na akidi haitimii, Mwenyekiti anatangaza siku nyingine na kila mtu anarudi kwake. Ukimwandikia kesho yake "samahani sikufika mkutanoni, naomba maazimio", unaomba kitu ambacho hakipo, na unamkumbusha kwa upole kwamba hata hukuuliza. Kama tatizo lilikuwa akidi, basi wewe ni mmoja wa waliosababisha. Ujumbe wa namna hiyo hauchekeshi upande wa pili.

Muulize jirani aliyekwenda. Swali moja linatosha: "Jana kikao kilifanyika?" Akikwambia kiliahirishwa, ujumbe wako kwa Mwenyekiti unabadilika kabisa: unaomba radhi kwa kutofika, unataja kwamba umesikia kimeahirishwa, na unaomba tarehe mpya. Akikwambia kilifanyika, usimwombe jirani akusimulie yote. Pata picha ya jumla tu, kwamba walizungumzia mtaro na ulinzi, basi. Masimulizi ya jirani yana maoni yake ndani, na ukienda kwa Mwenyekiti ukiwa tayari umekasirishwa na masimulizi, ombi lako la radhi litakuwa na meno.

## Kabla ni bora kuliko baada, lakini kwa kiasi

Anayejua mapema kwamba hatafika atoe udhuru mapema, siku moja au mbili kabla. Ni vizuri, ila tuelewe unasaidia nini na hausaidii nini.

Muhtasari wa kikao chochote cha serikali za mitaa huanza na mahudhurio: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa, wasiohudhuria bila taarifa. Kwenye kamati ya mtaa, yenye wajumbe wachache wanaojulikana kwa majina, mgawanyo huo una uzito wa kweli. Kwenye mkutano wa wakazi wote hakuna anayeandika majina ya mamia ya watu ambao hawakuja. Linapitishwa daftari, waliopo wanajiandikisha, basi. Kwa mkazi wa kawaida, udhuru wake unakaa kwenye kumbukumbu ya Mwenyekiti na ya Mtendaji, na pengine unatajwa kwa sauti mkutano unapofunguliwa.

Kuna watu ambao udhuru wa mapema kwao ni lazima. Aliyekabidhiwa kukusanya michango na anatakiwa kusoma hesabu. Fundi aliyeombwa makadirio ya mtaro. Mwenye kiwanja ambacho mtaro utapita ubavuni mwake. Hao wakikosekana bila taarifa, ajenda nzima inasimama na watu wamekaa juani kungoja mtu asiyekuja. Kwao udhuru uende pamoja na kazi: hesabu iandikwe, apelekewe Mtendaji kabla ya siku ya mkutano, ili isomwe na mtu mwingine.

Je, na maoni? Unaweza kutuma maoni yako, na Mwenyekiti mwenye busara atayasoma. Lakini usijidanganye kwamba umepiga kura. Azimio linapitishwa na mikono ya waliopo. Hali kadhalika kumtuma mtoto wa kidato cha pili "akakae kwa niaba ya nyumba" kunasaidia masikio tu. Yeye si mjumbe wa mkutano ule. Mume akienda na mke akabaki, aliyehudhuria ni mume. Hakuna kiti cha nyumba.

## Sababu iwe moja, iwe ya kweli, iwe fupi

"Dharura" limechakaa. Limetumiwa na aliyefiwa, na aliyelala, na aliyekuwa anaangalia mpira, mpaka halimwambii Mwenyekiti chochote. Taja aina ya jambo bila kulisimulia. "Nilikuwa zamu ya usiku." "Nilikuwa msibani Morogoro." "Nilikuwa na mgonjwa hospitali." Sentensi moja. Mgonjwa ni nani na anaumwa nini si mambo ya mtaa, na Mwenyekiti muungwana hatauliza.

Nilisita kidogo kwenye hili. Kuna wanaosema sababu haina maana, kwamba mtu mzima akisema hakufika inatosha. Nimelifikiria na sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya vitendo tu. Sababu ya kweli inamsaidia kiongozi kupanga. Akipata udhuru wa watu wengi wanaofanya zamu, au wafanyabiashara wa soko ambao Jumapili asubuhi ndiyo siku yao ya mauzo, anaona kwamba saa ya mkutano yenyewe ina kasoro. "Dharura" haimwonyeshi hilo.

Uongo usiuthubutu. Mtaa ni mdogo. Unayesema ulikuwa na homa, kuna aliyekuona umevaa sare ya harusi.

Radhi nayo iombwe mara moja. Ujumbe wenye "samahani" mwanzoni, "naomba unisamehe sana" katikati na "nisamehe tena" mwishoni unamlazimisha msomaji akubembeleze. Omba mara moja, uingie kwenye ombi lenyewe.

## Ujumbe wenyewe

Hivi ndivyo muuguzi yule angeweza kuandika, kwa simu ileile, siku ileile:

"Shikamoo Mwenyekiti. Mimi ni mpangaji wa nyumba ya kona, karibu na bomba la maji, eneo la mjumbe wetu. Naomba radhi kwa kutofika mkutano wa jana Jumapili. Nilikuwa zamu ya usiku na nilitoka kazini saa nne. Nimesikia mkutano ulifanyika na ulizungumzia mtaro na ulinzi. Naomba kupatiwa maazimio ili nami nitekeleze sehemu yangu. Nipo tayari kuyafuata ofisini kwa Mtendaji Jumatano asubuhi, au siku utakayonielekeza. Ahsante."

Angalia ulivyojengwa. Salamu inategemea umri wenu: kama Mwenyekiti ni rika lako au mdogo kwako, "Habari za asubuhi Mwenyekiti" inatosha, na "shikamoo" ya kumpamba mtu mdogo inamtia aibu. Cheo kitajwe, kwa sababu unamwandikia kama kiongozi, hata kama jioni mnakaa kijiwe kimoja.

Kisha jitambulishe kwa mahali. Mwenyekiti hana namba za simu za mtaa mzima, na jina peke yake halimwambii lolote. Kwenye mtaa wa mjini kina Mama Asha ni wengi. Nyumba, alama inayojulikana, mjumbe. Kosa la ujumbe wa kwanza lilianzia hapo: inawezekana kabisa Mwenyekiti alijibu "usijali dada" bila kujua ni dada yupi, akaja kumjua baadaye mjumbe alipouliza.

Halafu mkutano utajwe kwa siku yake. Mwezi mmoja unaweza kuwa na kikao cha kamati, mkutano wa wakazi na kikao cha wenye nyumba wa njia moja. "Mkutano wa juzi" ni upi?

Sehemu inayobeba ujumbe wote ni ile ya kupokea maazimio. Iwe na kitu unachoomba, mahali, na siku. "Nitafurahi kujua mlichojadili" haina miguu. "Nitafika ofisini Jumatano asubuhi" ina miguu, na inamwondolea Mwenyekiti mzigo wa kukaa anaandika maelezo marefu kwenye simu usiku. Wewe ndiye uliyekosa. Safari iwe yako.

Na muda? Ujumbe uende siku ileile au kesho yake. Maazimio ya michango huanza kutembea haraka, na mkusanyaji akishafika getini kabla yako hujaandika, radhi yako itaonekana imeletwa na daftari.

## Barua, pale inapohitajika

Kwa mkazi wa kawaida aliyekosa mkutano mmoja, ujumbe wa simu unatosha. Barua ni ya mtu mwenye wajibu, au aliyekosa mikutano kadhaa mfululizo, au taasisi iliyoalikwa kama shule, msikiti, kanisa au mwenye mashine ya kusaga. Iwe ukurasa mmoja, nusu yake ikiwezekana. Anwani yako juu kulia, tarehe, halafu kushoto "Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa" na jina la mtaa. Kisha:

"Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUTOHUDHURIA MKUTANO WA WAKAZI NA KUOMBA MAAZIMIO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba radhi kwa kutohudhuria mkutano wa wakazi uliofanyika Jumapili iliyopita, kutokana na kuwa zamu kazini. Naomba kupatiwa maazimio ya mkutano huo, hususan ajenda ya mtaro na ya ulinzi shirikishi. Nitafika ofisi ya mtaa siku ya Jumatano asubuhi kuyapokea, na nipo tayari kutekeleza yanayonihusu."

Sahihi, jina, namba ya nyumba, namba ya simu. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Siku moja itakuja kukufaa, hasa ukija kuhitaji barua ya utambulisho na mtu wa ofisini akasema hujulikani mtaani.

## Radhi kwa Mwenyekiti, maazimio kwa Mtendaji

Hapa watu huchanganya, na mkanganyiko huu huzaa kinyongo.

Mwenyekiti amechaguliwa na wakazi. Waliopo sasa mitaa mingi walipatikana kwenye uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024. Anaongoza mkutano. Afisa Mtendaji wa Mtaa ameajiriwa na halmashauri. Yeye ndiye katibu, anaandika muhtasari, na daftari la kumbukumbu liko kwake. Ukitaka neno kamili la azimio, liko mikononi mwa Mtendaji.

Lakini ukienda moja kwa moja kwa Mtendaji bila Mwenyekiti kujua, unakuwa umemruka aliyekuita mkutanoni. Mitaa mingi ina mvutano wa chinichini kati ya ofisi hizi mbili, na mkazi anayeingia ofisini kudai "nionyesheni mlichoandika" anaweza kudhaniwa ametumwa na upande mmoja. Ujumbe kwa Mwenyekiti unakufungulia mlango. Unapofika kwa Mtendaji unasema: "Nimewasiliana na Mwenyekiti, ameniambia nikuone kuhusu maazimio ya Jumapili." Sentensi hiyo inabadilisha hewa yote ya ofisi.

Piga simu kabla ya kwenda. Mtendaji huitwa kata, huitwa halmashauri, huenda kukagua ujenzi. Ofisi ikifungwa, haina maana amekukwepa.

## Omba maazimio, usidai muhtasari

Muhtasari ni maandishi ya mkutano mzima: nani alisema nini, hoja zilivyopingana, mwisho kilichoamuliwa. Wiki ya kwanza baada ya mkutano bado ni rasimu. Utathibitishwa mkutano ujao, baada ya kusomwa na kusahihishwa, ndipo Mwenyekiti na katibu wanatia sahihi. Mtendaji makini hatakupa nakala ya rasimu uende nayo nyumbani, na ana haki. Kesho itasambaa kwenye simu za watu ikiwa na makosa ambayo mkutano ungeyarekebisha.

Maazimio ni kitu kingine. Hayo yalipigiwa mikono na kutangazwa hadharani. Unaweza kusomewa na ukaandika mwenyewe. Chukua daftari lako, na kwa kila azimio hakikisha umeondoka na mambo manne: nini kimeamuliwa, nani anahusika, kiasi gani, na kuanzia lini au mwisho lini. Moja likikosekana, uliza papo hapo.

Sikiliza pia vitenzi. Penye "mkutano ulijadili" au "mjumbe mmoja alipendekeza" hakuna deni bado. Penye "mkutano uliazimia" ndipo penye wajibu wako. Ugomvi mwingi wa michango unazaliwa kwa watu kubeba pendekezo nyumbani kama azimio.

Turudi kwa muuguzi. Baada ya yale ya getini alimwandikia tena Mwenyekiti, safari hii kwa ukamilifu, na akaenda ofisini. Mtendaji alimfungulia daftari na kumsomea. Kuhusu mtaro: mkutano uliazimia kila nyumba ichangie shilingi 10,000, mlipaji akiwa mwenye nyumba, kwa awamu mbili. Kuhusu ulinzi: kila kaya, wapangaji wakiwemo, shilingi 3,000 kwa mwezi, kuanzia mwezi ujao.

Linganisha na ya getini. Ile 10,000 haikuwa yake. Ni ya mwenye nyumba wake. Na ile 3,000 ni yake kweli, ila mwezi ulikuwa umewahishwa.

Hakuna mtu aliyekuwa anaiba. Mjumbe alikuwa amekaa nyuma, chini ya mwembe, ambako "kila nyumba" na "kila kaya" zilisikika kama kitu kimoja. Ndivyo maazimio yanavyoharibika: yanapita mdomo kwa mdomo, na maneno mawili yanayofanana yanabadilishana nafasi. Kwenye nyumba ya wapangaji sita, tofauti ya "nyumba" na "kaya" ni tofauti ya shilingi 10,000 na 60,000.

Mtendaji alimpigia mjumbe palepale, mbele yake, na kumrekebisha bila kumfokea. Kilichobaki kwa muuguzi kilikuwa kumpa mwenye nyumba taarifa ya fungu lake, na mwezi ulipoanza akalipa la kwake na kudai stakabadhi. Stakabadhi usione haya kuiomba. Jina lililoandikwa kwa penseli kwenye kaunta buku halikutetei daftari likipotea, wala mkusanyaji akibadilishwa.

## Kundi la wasapu la mtaa

Mitaa mingi sasa ina kundi la wasapu, na wengi huona huko ndiko kwa kuomba radhi. Mimi naona si mahali pake. Ukiandika "samahani wakuu, jana sikufika" kwenye kundi, Mwenyekiti anaweza asiuone kabisa kati ya matangazo ya nyumba za kupanga na picha za mtoto aliyepotea. Na ukiuliza hapo "jamani mliamua nini?", utajibiwa na watu tisa kwa namna tisa, wanne kati yao hawakwenda.

Kundi lina kazi moja nzuri kwenye jambo hili. Unaweza kumwomba Mwenyekiti, faraghani, kama inawezekana maazimio yaandikwe na Mtendaji kwa ufupi na yatumwe kwenye kundi na kubandikwa mbao za matangazo, kwa ajili ya wote waliokosa. Sema "kwa ajili ya waliokosa", maana ukisema "ili kuwe na uwazi" inasikika kama tuhuma hata kama hukukusudia. Wakikubali, jitolee kuyaandika kwa simu yako Mtendaji akiyasoma, na yasitumwe kabla yeye hajayapitia neno kwa neno. Ujumbe wa sauti wa dakika saba haufai kwa maazimio; hakuna atakayerudi kuutafuta ule mstari wenye kiasi na tarehe.

## Nikipokea, nimekubali yote?

Hili ndilo lililonisumbua kuliko mengine. Ukiandika "nipo tayari kutekeleza yanayonihusu" kabla hujayasikia maazimio, hujajifunga kwa kitu usichokijua? Kuna rafiki aliyenishauri niwaambie watu wafute maneno hayo.

Nimeamua yabaki, kwa sababu hayakuongezei wajibu. Azimio lililopitishwa kihalali linakuhusu uwe umeandika hivyo au hukuandika. Maneno hayo yanamwonyesha Mwenyekiti nia tu. Usichopaswa kuandika ni "nakubaliana na yote mliyoamua". Hiyo ni ahadi ya upofu, na ukija kupinga baadaye utakumbushwa.

Ukisoma azimio ukaona lina kasoro, usianze kupinga kwenye ujumbe uleule wa radhi. Radhi na pingamizi zikipanda gari moja, radhi inashuka njiani. Pokea, shukuru, lipa lililo wazi, na hoja yako ihifadhi.

Mahali pake ni mkutano ujao. Baada ya kufungua, ajenda za mwanzo huwa kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, kisha yatokanayo. Kwenye kuthibitisha, waachie waliokuwepo. Wewe huwezi kusema "hakikusemwa hivyo" wakati hukuwepo. Yatokanayo ndiyo nafasi yako. Hapo unanyoosha mkono na kuuliza juu ya utekelezaji: mtaro umefikia wapi, kimekusanywa kiasi gani, kaya zisizo na uwezo zimefanyiwa nini. Ukitaka azimio lenyewe libadilishwe, mwone Mwenyekiti siku kadhaa kabla ya mkutano na umwombe liingie kwenye ajenda kwa jina lake, kwa sababu likisubiri "mengineyo" litafikiwa saa saba mchana, nusu ya watu wameshaondoka, na waliobaki hawatoshi kutengua kilichopitishwa na wengi.